Uzi: Nimeandika ukurasa mmoja wa kuombea mtaji wa kununulia alizeti, ukosoeni kabla sijaupeleka benki

MkamuajiWaKati:
Wakuu habari za jumapili. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Singida, mashine moja ya kukamua, moja ya kuchujia, vijana wawili wa kudumu na vibarua msimu ukikolea. Shida yangu ni ile ile ya kila mkamuaji mdogo huku: mbegu zinaanza kutoka Mei, mpaka Agosti wenye pesa wameshazoa, mimi nanunua za leo nakamua leo, ikifika Septemba mashine imelala na wateja wanapiga simu mzigo uko wapi.

Sasa kuna meneja wa benki nimeongea naye, kaniambia habari ya kumpelekea mchanganuo wa kurasa arobaini nisimpelekee, hasomi, anataka ukurasa mmoja tu: soko, pesa itafanya nini, na itarudi vipi. Nimeandika hivi:

*"Kiwanda chetu kinazalisha mafuta bora ya alizeti. SOKO: Tanzania ina watu zaidi ya milioni 60 na kila mmoja anatumia mafuta ya kula. Zaidi ya nusu ya mafuta hayo yanatoka nje ya nchi, hivyo soko ni kubwa na liko wazi. MATUMIZI YA FEDHA: Tunaomba Sh milioni 120 kwa ajili ya malighafi, mtambo wa kusafishia mafuta, gari la kusambazia na maboresho ya kiwanda. MAREJESHO: Mkopo utarejeshwa kwa miezi 24 kwa rejesho sawa kila mwezi kutokana na faida ya kiwanda. DHAMANA: Nyumba."*

Semeni ukweli tu, sinuni.

Bonge_la_Dili:
Iko poa mkuu ila ongeza chumvi kidogo. Omba 150 maana benki lazima wakukate, na weka bei ya dumu ya Januari, sio ya Julai. Kila mtu anajua mafuta ya alizeti yanapanda kuanzia Desemba mbegu zikiisha, faida itaonekana nono watu wa mikopo wanapenda faida nono.

AfisaMikopoZamani:
Mkamuaji, nimekaa upande wa pili wa hiyo meza miaka mingi kabla sijastaafu, nikuambie jinsi karatasi yako itakavyosomwa. Soko nitaliruka. Watu milioni 60 hawadaiwi na wewe, wala hawajakuahidi kitu. Meneja hakukuuliza nchi inakula mafuta kiasi gani, anauliza dumu lako la mwezi wa nane nani atalibeba, kwa bei gani, na atalipa siku ya ngapi. Hapo hujajibu.

Halafu kwenye matumizi umechanganya vitu ambavyo havikai kapu moja. Mbegu unainunua Juni, Oktoba imeshageuka pesa. Mtambo wa kusafishia utajilipa kwa miaka. Gari nalo miaka. Ukiniletea vyote kwenye mkopo mmoja wa miezi 24 mimi najiuliza, huyu akishauza mafuta ya msimu huu, ile pesa ya mbegu itakuwa wapi miezi mingine yote? Jibu tunalijua, imeshakuwa bati, imeshakuwa ada, imeshakuwa gari la pili. Mkopo wa mbegu ulipwe na mbegu hiyo hiyo, uishe, mwakani uombe tena. Mtambo uuombe peke yake siku nyingine.

Na hiyo "rejesho sawa kila mwezi" ndiyo inayokaba wakamuaji wengi koo. Ukipewa pesa mwanzo wa Juni, rejesho la kwanza linadaiwa mwisho wa Juni. Mwisho wa Juni pesa yako yote iko kwenye magunia! Utalipa na nini? Utachukua ile ile pesa ya benki uwarudishie benki, mbegu unanunua pungufu, na riba unalipa ya pesa ambayo haikukaa kwako.

Bonge nakujibu na wewe: bei kupanda Desemba ni kweli, hilo umesema sawa. Lakini afisa mwenye akili hakubali mkopo unaolipika tu kama bei itapanda. Ukiandika bei ya Januari ataishusha mwenyewe kwa kalamu mbele yako, na baada ya hapo hata namba zako za kweli hataziamini. Na kuomba 150 ili ukatwe ni michezo ya zamani, siku hizi wanakuuliza imetokana na hesabu gani, ukikosa jibu ndio basi.

Mkamuaji weka hapa hesabu ya tani moja. Tani moja ya mbegu ikiingia getini, nini kinatoka.

dadaKuku255:
Samahani jamani na mimi niulize hapa hapa, ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi isiyo na riba inahusu kiwanda pia? Mimi nina kuku wa mayai mia tatu nataka kuongeza banda

AfisaMikopoZamani:
Dada ile ni ya vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii kwenye kata yako. Banda la kuku linaingia ila sio mada ya hapa, anzisha uzi wako tutakuja.

dadaKuku255:
Asante. Ila na mimi mashudu ya alizeti nanunua, kwa hiyo nipo kwenye mada kidogo 😂

MkamuajiWaKati:
Shikamoo mama na nashukuru sana. Hesabu ya tani moja kwa bei za msimu uliopita hapa kwangu:

Mbegu nanunua 850 kwa kilo, tani ni 850,000. Ushuru wa halmashauri asilimia 3 ni 25,500. Kusomba kutoka vijijini na kupakia 45,000. Yaani tani ikifika stoo imeshakula 920,500.

Kuikamua: umeme 40,000, mishahara na vibarua 45,000, madumu matupu 15 kwa 3,500 ni 52,500, vipuri na vitambaa vya kuchujia naweka 20,000. Jumla 157,500.

Kinachotoka ni madumu 15 ya lita 20 na mashudu kama kilo 650. Dumu nauza jumla 70,000, ni 1,050,000. Mashudu 350 kwa kilo ni 227,500. Jumla 1,277,500. Ukitoa gharama zote nabaki na kama laki mbili kwa tani.

FundiSpana:
Ngoja ngoja hapo kwenye madumu 15. Mimi natengeneza hizi mashine kanda nzima ya kati, madumu 15 kwa tani maana yake unapata kilo 280 za mafuta kwenye kila kilo 1000, asilimia 28. Inawezekana, lakini kwa mbegu gani? Alizeti ya chotara iliyojaa inatoa. Hii ya kienyeji yenye maganda manene, mbegu mkulima ameitunza mwenyewe miaka na miaka, utapata 25 ukijitahidi. Na kama skurubu ya ndani imelika unapungukiwa tena, mafuta yanabaki kwenye mashudu unawapa kuku wa huyo dada hapo juu bure.

Angalia mwenyewe: shika mashudu yakitoka kwenye mashine, yakandamize kwa mkono. Yakiacha mkono unang'aa mafuta na yanashikana kama ugali, mafuta yako yanaondoka getini kwa bei ya mashudu. Yanatakiwa yatoke makavu, vipande vyembamba vinavunjika.

Ukishuka kutoka 28 kwenda 25, madumu yanakuwa 13 na kitu. Hilo dumu moja na nusu kasoro ni kama 98,000 kwa tani. Nusu ya faida yako imeondoka na hakuna aliyekuibia.

AfisaMikopoZamani:
Fundi umegusa kitu ambacho maafisa wengi hawajui kuuliza, lakini mteja akikiweka mwenyewe kwenye karatasi anaonekana anaijua kazi yake. Mkamuaji, hiyo 15 ni ya kukisia au unayo kwenye daftari?

MkamuajiWaKati:
Ipo kwenye daftari, naandika kila siku magunia yaliyoingia na madumu yaliyotoka. Siku za mbegu mbaya inakuwa 13 au 14, siku za chotara 16. Wastani wa msimu ndio 15.

AfisaMikopoZamani:
Hilo daftari lipige picha kurasa kadhaa ubandike nyuma ya andiko. Linazidi maneno yote ya "mafuta bora".

Mzee_wa_Iramba:
Vijana mimi ni mkulima, wakati huo huo nawakusanyia wakamuaji. Mnaongelea bei lakini unyevu mnausahau. Juni mapema watu wana haraka ya pesa wanaleta mbegu mbichi. Ukinunua ukakamua kesho hakuna neno, lakini huyu anataka kuweka stoo miezi. Mbegu ikizidi unyevu wa asilimia 9 au 10 ukaipanga magunia kwa mamia, inapata joto katikati, unaingiza mkono kwenye gunia unasikia fukuto, harufu inabadilika, na mafuta yake yanakuwa makali kooni. Kipimo cha unyevu kipo kanunue. Kama huna, chukua mbegu uvunje kwa meno, kavu inalia ka! mbichi inabonyea. Na magunia yapangwe juu ya chaga za mbao, yasiguse sakafu wala ukuta.

Halafu lingine, kuna wakamuaji wanatupa pesa mbele, mvua haijaisha wameshalipia. Mwaka bei ikipanda mkulima anamuuzia mwingine, aliyelipa mbele anabaki anazunguka vijijini na boda. Pesa ya benki usiifanyie hivyo.

MkamuajiWaKati:
Shikamoo mzee. Hapana kulipa mbele sifanyi, nalipia kwenye mizani.

Chakula_ya_Ngombe_KE:
Sasa wasee wa TZ, mimi niko Thika natengeneza chakula ya ng'ombe wa maziwa, mashudu yenu ndio nanunua sana, malori inapita Namanga kila wiki. Nimesoma hii maneno nikaona niongeze ya kwangu. Mwaka juzi nilitafuta pesa ya kununua mashudu na mahindi, nikaenda na barua ya oda kutoka kwa ushirika wa maziwa mmoja, benki ikanipa asilimia 70 ya hiyo oda, na ushirika wakalipa kwa akaunti ya benki moja kwa moja. Sikupeana title ya shamba. Halafu huku tangu hiyo sheria ya 2017 ya mali inayohamishika, unaweza andikisha stoku na mashine zako kama dhamana. Kwa nini usitumie oda badala ya nyumba ya familia?

MkamuajiWaKati:
Ndugu yangu wateja wangu ni wa mdomo. Kuna mwenye duka la jumla Dodoma anachukua madumu 200 kwa mwezi, analipa ndani ya siku 30. Wawili wa hapa Singida wanachukua 40 kila mmoja, na mengine kama 20 yanaisha hapa hapa kiwandani keshi. Hakuna mwenye oda ya karatasi.

AfisaMikopoZamani:
Hapo ndipo soko lako lilipo, umelisema kwa mistari miwili! Madumu 300 kwa mwezi, ndani yake 200 ni mtu mmoja. Afisa atafurahi, kisha ataogopa. Mtu mmoja akibeba theluthi mbili, akichelewa kulipa na wewe umechelewa. Nenda kwake akuandikie barua ya mistari mitatu, kwamba anachukua kiasi gani kwa mwezi, kwa bei ya soko, analipa siku 30. Haimfungi kisheria kama oda ya huyu ndugu wa Thika ila inaonyesha mtu yupo. Na anavyokulipa, alipe benki au kwa simu inayoingia benki, ili stetimenti yako iseme yenyewe.

Sasa turudi kwenye kiasi. Madumu 300 kwa mwezi ni tani 20 za mbegu. Unataka mashine ifanye kazi miezi mingapi?

MkamuajiWaKati:
Nikipata Julai mpaka Oktoba kwa mzigo wa stoo nitashukuru. Kuanzia hapo nitazungusha mwenyewe. Nina milioni 15 zangu.

AfisaMikopoZamani:
Basi tani 80. Tani 80 zikifika stoo ni milioni 73.6. Toa 15 zako, unahitaji kama 59, andika 60. Unaona imetoka wapi? Sasa mtu akikuuliza kwa nini 60 unajibu bila kutoa jasho. Ile 120 usingeweza.

Na gharama ya kukamua, usiiombee mkopo. Kila tani inakula 157,500 kuikamua, lakini mashudu yake yanaleta 227,500 na yanauzwa keshi siku hiyo hiyo. Mashudu yanalipa umeme na vibarua, mafuta yanalipa benki. Hilo liandike hivyo hivyo lilivyo.

Tuseme riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, kwa salio linalopungua. Uliza hilo mapema, maana kuna wanaokutajia 1.5 hiyo hiyo lakini flati, unalipa riba ya milioni 60 mpaka mwezi wa mwisho wakati umeshabakiza 15. Pesa unapokea mwanzo wa Juni. Juni na Julai unalipa riba tu, laki tisa tisa. Mafuta ya Julai yanalipwa Agosti, unaanza kurudisha 15 kila mwisho wa mwezi mpaka Novemba. Riba yote inakuwa kama milioni 4 na elfu 50.

Kila mwezi mafuta yanaleta milioni 21, mashudu yakishalipa gharama yanabakiza kama 1.4, una 22.4. Rejesho kubwa ni 15.9. Kwa kila shilingi unayodaiwa una shilingi 1 na senti 40. Afisa anapenda kuona hivyo, ikiwa 1 na senti 10 anafunga faili.

Bonge_la_Dili:
Duh mama kumbe. Sasa kama dumu likishuka? Mana serikali ikipunguza ushuru wa mafuta ya nje kwenye bajeti ya Juni, mawese ya Malesia na Indonesia yanamwagika, alizeti inalala. Imeshatokea.

AfisaMikopoZamani:
Umeuliza swali zuri kuliko ushauri wako wa kwanza 😀 Tushushe dumu liwe 60,000. Mafuta yanaleta milioni 18 kwa mwezi, jumlisha 1.4 ya mashudu, una 19.4 dhidi ya 15.9. Benki inalipwa. Lakini angalia ndani, faida ya tani inashuka kutoka laki mbili mpaka kama elfu 50, mara tani 80 ni milioni 4 kasoro, na riba ni milioni 4 na elfu 50. Yaani msimu mzima amefanya kazi bure. Mtu anayeangalia pesa inayoingia tu atasema mambo mazuri, benki imelipwa kwa wakati, kumbe rejesho lilikuwa linatoka kwenye zile 15 zake bila yeye kujua.

Mkamuaji, kumbuka bajeti inasomwa Juni na wewe unanunua Juni. Ukiweza usizoe mbegu zote kabla hujaisikia.

MkamuajiWaKati:
Bajeti nikisubiri wenzangu wananunua mama. Wiki mbili ni nyingi sana msimu ule.

Mzee_wa_Iramba:
Kweli, na Juni hiyo ndio tunakuwa na shida ya pesa. Julai katikati mkulima ameshatulia anaanza kukupangia bei.

FundiSpana:
Mie nina wasiwasi na Agosti. Huyu wa Dodoma siku 30 ni za mdomo, biashara ya mafuta naijua, siku 30 zinakuwa 45. Akichelewa wiki mbili tu rejesho la kwanza limepita.

AfisaMikopoZamani:
Sahihi. Rejesho la kwanza la mtaji lisogezwe mwisho wa Septemba. Gharama yake ni laki tisa ya riba ya mwezi mmoja zaidi, jumla inakuwa kama milioni 4.95, na bei ya dumu ambayo hupati faida wala hasara inapanda kutoka 60,000 kwenda kama 61,000. Mimi ningelipa hiyo laki tisa. Ukichelewa rejesho la kwanza kabisa jina lako linaingia kwenye taarifa za mikopo, mwakani ukija kuomba unaanza kwa kujieleza.

Bonge_la_Dili:
Mimi hapo sikubaliani, laki tisa ni pesa. Ningeweka Agosti halafu nambane huyo wa Dodoma, nampa punguzo la elfu moja kwa dumu alipe siku 15.

AfisaMikopoZamani:
Elfu moja mara madumu 200 mara miezi minne ni laki nane. Gharama ya njia yako na yangu ni karibu ile ile. Tofauti ni kwamba benki ikikubali imesaini, huyo wa Dodoma akikubali amekubali tu.

MkamuajiWaKati:
Nimekaa na vijana wangu jana usiku tumeandika upya. Nimeenda na Septemba. Someni:

*"TUNAOMBA: Sh 60,000,000 kwa miezi 7, Juni hadi Desemba, za kununulia mbegu za alizeti. Sisi tunaweka Sh 15,000,000.*

*KIWANDA: Tunakamua alizeti Singida, jengo letu wenyewe, cheti cha TBS kipo. Tani moja ya mbegu inatupa wastani wa madumu 15 ya lita 20 na kilo 650 za mashudu (nakala za daftari zimeambatishwa). Kuanzia Septemba mashine husimama kwa kukosa mbegu, wateja wakiwepo.*

*SOKO: Madumu 300 kwa mwezi. Duka moja la jumla Dodoma 200, hulipa siku 30 (barua imeambatishwa). Wauzaji wawili wa Singida 80. Kiwandani 20, fedha taslimu. Mashudu hununuliwa na wafugaji na wenye malori ya Kenya, fedha taslimu.*

*MATUMIZI: Tani 80 za mbegu zitanunuliwa Juni na Julai, Sh 920,500 kwa tani hadi stoo, jumla 73,640,000. Kinachobaki, 1,360,000, ni riba ya Juni na kuanzia kazi. Gharama za kukamua zitalipwa na mauzo ya mashudu. Hatununui mashine wala gari kwa fedha hizi.*

*MAREJESHO: Juni, Julai na Agosti riba tu. Septemba hadi Desemba Sh 15,000,000 kila mwisho wa mwezi pamoja na riba. Makusanyo kwa mwezi baada ya gharama ni 22,400,000, rejesho kubwa ni 15,900,000.*

*BEI IKISHUKA: Tumehesabu dumu 70,000. Likiwa 61,000 hatupati faida. Likiwa 60,000 mkopo unalipika lakini tunapoteza kama milioni 1 ya mtaji wetu. Tukiona limefika huko kabla ya Julai tutanunua tani 50 tu na kurudisha fedha iliyobaki.*

*DHAMANA: Mbegu zilizopo stoo, na nyumba."*

FundiSpana:
Hapa sawa. Ongeza na kwamba mashine imebadilishwa skurubu kabla ya msimu, kama umebadilisha. Kama hujabadilisha nipigie.

AfisaMikopoZamani:
Nimeipenda hiyo sehemu ya bei ikishuka, na hasa hiyo ya kurudisha, wengi wanaogopa kuiandika wanadhani watanyimwa. Lakini kabla hujaandika hivyo waulize kama kurudisha mapema kuna faini. Agosti makusanyo ya mafuta ya Julai yatakuwa yanaingia na hudaiwi mtaji, yaweke kwenye akaunti hiyo hiyo yasisogezwe, afisa ataangalia.

Na cheti cha TBS hakikisha hakijaisha muda, waambatishie nakala. Pia mafuta ya kula kanuni zinataka yaongezwe vitamini A, wakikuuliza uwe na jibu.

MkamuajiWaKati:
Cheti kipo hai. Hilo la vitamini ndio bado nahangaika nalo, kifaa cha kuchanganyia.

Chakula_ya_Ngombe_KE:
Sasa mbona nyumba bado iko hapo? Si mbegu ya milioni 70 inatosha? Wewe unafunga stoo, benki wanaweka mtu wao na kufuli yao, unalipa ndio unatoa magunia. Huku tunafanya.

AfisaMikopoZamani:
Hata hapa ipo, na sheria ya stakabadhi za ghala tunayo tangu 2005. Ila angalia kwa mzigo wake. Mtu wa kulinda ghala analipwa, kwa tani 80 ile ada inamuuma zaidi kuliko mwenye tani 2,000. Na yeye anakamua kila siku, kila siku aombe ruhusa ya kutoa gunia?

Chakula_ya_Ngombe_KE:
Atoe mara moja kwa wiki. Tani tano, analipa ya tani tano.

AfisaMikopoZamani:
Analipa na nini, na mafuta ya tani tano hizo bado yako Dodoma hayajalipwa?

Chakula_ya_Ngombe_KE:
Hapo umenishika kidogo. Lakini bado nyumba ya watoto kwa mkopo ya miezi saba mimi siwezi.

Mzee_wa_Iramba:
Mke wake amekubali? Hilo ndilo la kwanza. Bila sahihi yake hiyo nyumba sio dhamana.

MkamuajiWaKati:
Mke anajua mzee, ila hajasema ndiyo. Kasema anataka kuuona huo ukurasa kwanza. Nitamuuliza meneja kama atakubali nusu mbegu nusu kiwanja nilichonacho Manyoni badala ya nyumba. Napeleka alhamisi, maana wakichukua wiki sita kama walivyosema naingia Mei ndio majibu yanatoka.

AfisaMikopoZamani:
Mama wa nyumba atauliza maswali magumu kuliko meneja, jiandae. Kiwanja kama hakina hati uanze kufuatilia leo, wiki sita haziwezi kutosha.

dadaKuku255:
Mkamuaji mashudu Singida 350 bado au imepanda? Huku kwetu Morogoro wananiuzia 600

Chakula_ya_Ngombe_KE:
Na mimi nauliza hiyo hiyo. Tani kumi kwa mwezi, makavu kama vile fundi amesema, niko tayari kuandika hiyo barua ya mistari mitatu.

MkamuajiWaKati:
Njooni inboksi wote wawili. Ndugu wa Thika barua yako niipate kabla ya alhamisi.